Namna ya kuandika maelezo ya jenereta au inveta unayoiuza: nguvu, mafuta, kelele, saa na vifaa itakavyoendesha

Anayetafuta jenereta iliyotumika huuliza maswali yaleyale: inawasha friji, inakula mafuta kiasi gani, ina kelele? Muuzaji naye hujibu kwa maneno yaleyale: ni nzima, haina tatizo, inawasha nyumba nzima. Jibu la mwisho ndilo linaloleta ugomvi baadaye, kwa sababu nyumba nzima ya mtu mmoja ni taa sita na televisheni, na ya mwingine ina pampu ya kisima, birika la umeme na kiyoyozi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata takwimu za kweli za mashine yako kwa vifaa vya kawaida, na jinsi ya kuziandika ili mtu aliye mbali aweze kuamua kama atakuja kuitazama.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni jenereta ya petroli ya fremu iliyo wazi, ya aina iliyojaa madukani Kariakoo, yenye injini ya cc 208 na tangi la lita 15, ambayo ilikuwa ikitumika katika saluni ya Dar es Salaam pindi umeme wa TANESCO unapokatika. Pembeni ina stika kubwa yenye namba 3500. Inveta ya betri nimeitengea sehemu yake karibu na mwisho, kwa kuwa maswali yake ni tofauti kidogo.

Hatua ya kwanza: Soma kibandiko, kisha ukihakiki

Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangi au ubavuni ni jina la modeli, na watengenezaji wengi hulichagua ili lisikike kubwa kuliko nguvu yenyewe. Namba unayoitaka iko kwenye kibandiko kidogo, kwa kawaida karibu na soketi au nyuma ya kichwa cha umeme, ambako hukuta takwimu mbili za kilowati. Ile ndogo ni nguvu ya kudumu, yaani mzigo ambao mashine inaweza kuubeba saa baada ya saa bila kupata joto la kupita kiasi. Ile kubwa ni nguvu ya juu, ambayo inavumilika kwa muda mfupi tu, kwa mfano pale mota ya friji inapoanza kuzunguka. Katika jenereta yetu ya mfano kibandiko kinasema kilowati 2.5 za kudumu na 2.8 za juu, ilhali stika ya nje inamfanya mtu adhani ni 3.5. Katika maelezo andika zote mbili, na utangulize ile ya kudumu.

Vibandiko navyo hudanganya, hasa kwenye mashine za bei ya chini, kwa hiyo fanya uhakiki wa aina mbili ambao hauhitaji kufungua chochote. Wa kwanza ni breka iliyopo kwenye paneli. Zidisha ampea zake kwa volti 230: breka ya ampea 11 inaruhusu wati 2,530, na hapo kibandiko kinachosema kilowati 2.5 kinaaminika. Mashine inayodai kilowati 5 ikiwa na breka moja ya ampea 11 na soketi za kawaida tu imejikana yenyewe. Uhakiki wa pili ni ukubwa wa injini. Jenereta ya kawaida ya petroli, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, huhitaji takriban cc 80 kwa kila kilowati moja ya kudumu. Kwa hesabu hiyo injini ya cc 208 inatosha kilowati 2.5, na ya cc 420 inatoa zaidi kidogo ya 5. Ukikuta injini ya cc 200 hivi imebandikwa kilowati 6, aliyebandika alikuwa anauza stika. Kipimo hiki hakihusu jenereta ndogo za inveta, zile zilizofungwa kwenye kasha la plastiki, kwa sababu injini zake huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na hutoa nguvu nyingi kutoka kwenye injini ndogo.

Kuna pia suala la kVA na kW, ambalo huwachanganya hata wauzaji wa siku nyingi. Kwenye jenereta ndogo za fezi moja vipimo hivi viwili mara nyingi huwa sawa, na kibandiko huonyesha alama cosφ ikifuatiwa na 1.0. Kwenye jenereta za dizeli za fezi tatu alama hiyo hufuatiwa na 0.8, na maana yake ni kwamba kVA 10 ni kilowati 8. Hizo 8 nazo zimegawanywa kwenye fezi tatu, kiasi kwamba kila fezi ina kama kilowati 2.7 tu. Mtu mwenye nyumba ya fezi moja na hita ya kilowati 4 anaweza kununua "10" na bado hita yake isiwake. Kwa hiyo, kama mashine yako ni ya fezi tatu, taja idadi ya fezi palepale unapotaja nguvu.

Jambo la mwisho la kibandiko ni mwinuko wa mahali. Nguvu iliyoandikwa imepimwa karibu na usawa wa bahari. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Jenereta yetu ikiwa Dar es Salaam inatoa 2.5 zake. Ikipelekwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, zitabaki kama 2.0, na Arusha hasara ni karibu asilimia 16. Kama unauza ukiwa pwani na mnunuzi anapiga simu kutoka Mbeya, mwambie kabla hajalipa nauli ya mzigo.

Hatua ya pili: Pima umeme ukiwa na mzigo na usipokuwa nao

Multimita ya fundi ya bei ndogo inatosha, na ukipata inayopima hezi ni bora zaidi. Washa mashine, iache ipate moto kwa dakika tano, kisha pima kwenye soketi bila kuchomeka kitu. Jenereta nzima ya aina hii itaonyesha kati ya volti 230 na 240, na hezi 51 au 52 hivi. Sasa chomeka mzigo wa wati 1,000 hadi 1,500 uone namba zinavyoshuka. Kushuka hadi volti 225 na hezi 50 ni jambo la kawaida. Volti zikishuka chini ya 210, au zikipanda na kushuka huku injini nayo ikipandisha na kuteremsha mlio, kuna kasoro, na maelezo yako yasiandikwe mpaka ijulikane ni ya nini. Mlio unaopanda na kushuka bila mzigo mara nyingi ni kabureta iliyoganda uchafu wa petroli iliyolala, kasoro ambayo fundi huisafisha. Injini ikiwa imetulia lakini volti zinayumba, shuku kirekebisha volti, ambacho mafundi wengi hukiita AVR.

Uchaguzi wa mzigo wa kupimia una mtego. Wengi hutumia pasi, na pasi ikishapata moto hujikata yenyewe, ikawaka tena baada ya nusu dakika, ikajikata tena, na aliyeshika multimita anadhani jenereta inayumba. Tumia hita ya kuzamisha kwenye ndoo ya maji, ya wati 1,000, ambayo haijikati. Ndoo ya lita 20 itachukua zaidi ya saa moja na nusu kufikia kuchemka, muda unaotosha kipimo hiki na kinachofuata. Hakikisha koili imezama yote kabla ya kuwasha, na mtu yeyote asiguse maji hayo wakati hita imechomekwa.

Hatua ya tatu: Mafuta, na saa ambazo tangi moja linadumu

Kuandika "petroli" au "dizeli" peke yake ni kuacha kazi katikati. Mnunuzi anataka kujua itamgharimu nini kwa saa, na kwa kuwa bei ya mafuta hubadilika kila mwezi na hutofautiana kutoka mji hadi mji, mpe lita kwa saa, hesabu ya fedha ataifanya mwenyewe.

Kipimo cha jenereta ya petroli ni rahisi. Iache ifanye kazi mpaka mafuta yaishe na injini izime yenyewe. Mimina lita moja kamili kwa chupa yenye alama, iwashe, chomeka hita ya ndoo, na uangalie saa. Mafuta yanapokaribia kuisha injini huanza kukohoa, na hapo chomoa hita upesi na uandike muda. Wakati wa zoezi hili usichomeke televisheni wala friji, kwa sababu umeme huyumba vibaya katika sekunde za mwisho. Dizeli usiipime hivi kamwe: injini ya dizeli ikiishiwa mafuta huvuta hewa kwenye mabomba, na itabidi fundi aje kuitoa hewa hiyo ndipo iwake tena. Kwa dizeli jaza tangi hadi alama unayoweza kuiona, iendeshe kwa saa moja, zima, kisha ongeza mafuta kwa chombo chenye vipimo hadi alama ileile. Ulichoongeza ndicho ilichokunywa.

Katika jenereta yetu lita moja, kwa mzigo wa wati 1,000, ilidumu dakika 54. Hiyo ni kama lita 1.1 kwa saa, na tangi la lita 15 linatoa saa 13 na ushei. Rudia kwa mzigo mdogo, tuseme taa na feni mbili zinazovuta jumla ya wati 300: lita ileile ilidumu dakika 75, yaani lita 0.8 kwa saa, na tangi moja linatoa saa 18 na ushei. Tazama kwamba mzigo umepungua hadi chini ya theluthi, lakini mafuta hayakupungua hata kwa nusu. Sababu ni kwamba jenereta ya fremu wazi huzunguka mara 3,000 kwa dakika hata ikiwa inawasha taa moja. Jenereta ya inveta hupunguza kasi mzigo unapopungua, na hapo ndipo inapookoa mafuta, kwa hiyo anayeuza ya aina hiyo ahakikishe amepima mzigo mdogo, maana ndio ubora anaouuza.

Kwa sababu hiyo sentensi kama "inakaa saa 18" bila kutaja mzigo haina thamani. Watengenezaji wenyewe hupenda kutangaza saa za nusu mzigo au hata robo mzigo, na mnunuzi aliyenunua kwa ajili ya kiyoyozi hushangaa tangi linapokauka mapema. Andika saa mbili, kila moja na wati zake.

Hatua ya nne: Saa ambazo injini imeshafanya kazi

Saa za tangi na saa za injini ni vitu viwili, na matangazo mengi huviandika kwa namna ambayo msomaji hawezi kujua ni ipi. Zitenganishe katika sentensi mbili. Jenereta kubwa za dizeli huwa na mita ya saa kwenye paneli: ipige picha inayosomeka na uandike namba ilivyo. Jenereta ndogo za petroli nyingi hazina mita, na hapo muuzaji mwaminifu hukadiria na kusema kwamba amekadiria.

Njia nzuri ya kukadiria ni oili. Ratiba ya kawaida ya injini hizi ni kubadilisha oili ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au kila miezi sita. Mwenye saluni yetu alikuwa akiandika tarehe za kubadilisha oili kwenye ukuta wa stoo, kwa penseli, na tarehe hizo zinaonyesha mara sita kwa kufuata saa 100, kwa hiyo "takriban saa 600, kwa hesabu ya oili" ni kauli inayoweza kutetewa. Kama kumbukumbu hazipo, sema mashine ilitumika kwa kazi gani na kwa wastani wa saa ngapi kwa wiki, na mnunuzi atazidisha.

Kisha ongeza dalili zinazoonekana, kwa sababu saa 600 za oili safi ni bora kuliko saa 200 za oili iliyosahaulika. Vuta kijiti cha oili: oili nyeusi ni ya kawaida, ila ikiwa nzito kama lami haijabadilishwa siku nyingi. Injini ndogo kama hii hubeba lita 0.6 tu za oili, na ndiyo maana upungufu mdogo unaidhuru haraka. Tazama moshi wa ekzosi injini ikiwa na moto na mzigo. Moshi wa bluu usiokoma maana yake oili inaungua, pengine ringi zimekwisha, na jambo hilo lazima liandikwe. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au choki iliyosahauliwa, ambavyo hurekebishwa kabla ya kuuza. Mwisho, vuta kamba ya kuwashia polepole, swichi ikiwa imezimwa: unapaswa kuhisi mkono ukizuiwa kwa nguvu kila piston inapogandamiza hewa. Kamba inayotoka kwa ulaini mwanzo hadi mwisho inaonyesha mgandamizo umepungua.

Hatua ya tano: Kelele

Maneno "haina kelele" hayafai kwa jenereta yoyote ya fremu wazi, na mnunuzi anayejua huacha kusoma hapohapo. Andika desibeli, na kila mara utaje umbali. Kibandiko kinaweza kuwa na alama LwA ikifuatiwa na namba kama 96, na wengi huiogopa au huificha. Hiyo ni jumla ya sauti inayozalishwa na mashine, siyo sauti inayofika sikioni. Ili kupata kadirio la sauti katika umbali wa mita 7 mahali pa wazi, ambao ndio umbali unaotumika sana kulinganisha jenereta, toa 25. Kwa hiyo LwA 96 ni kama desibeli 71 kwa mita 7. Matangazo ya jenereta za inveta zenye kasha hutaja 52 hadi 60 kwa mita 7. Ndiyo maana mtu akilinganisha 96 ya huku na 58 ya kule bila kujua maana zake, analinganisha vipimo viwili visivyohusiana.

Programu ya simu ya kupima sauti haitoi kipimo cha maabara, lakini inatosha kwa kazi hii mradi ueleze ulivyopima. Weka mashine uwanjani mbali na ukuta, iwekee mzigo wa wati 1,000, simama mita 7, elekeza maikrofoni ya simu kwenye mashine na usome wastani wa nusu dakika. Jenereta yetu ilionyesha 72. Ongeza na maelezo ya kibinadamu, kwa mfano kwamba kwa umbali huo watu wawili wanaozungumza inabidi wapaze sauti. Kila umbali unapozidishwa maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo mita 14 zitaleta 66, na mnunuzi mwenye kiwanja kikubwa atajua pa kuiweka. Ikiwa mashine itafungwa kwenye kichochoro chenye kuta pande mbili, hesabu hiyo haitafanya kazi, kwani kuta hurudisha sauti. Wapangaji wa ghorofa wana sababu ya kuuliza zaidi: Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, na Tanzania suala hili liko chini ya NEMC.

Hatua ya sita: Vifaa itakavyoendesha

Hapa ndipo maelezo mengi huharibika, na hapa ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi. Orodha ya aina ya "friji, TV, pasi, pampu, kiyoyozi" haisemi kama ni vyote kwa pamoja au kimoja kimoja. Unachotakiwa kuandika ni makundi: vifaa hivi vinaweza kuwaka pamoja, kile kiwake peke yake, na hiki hakijajaribiwa.

Gawa vifaa katika aina mbili. Vinavyotoa joto au mwanga, kama pasi, birika, hita na taa, huvuta wati zilezile tangu vinapowashwa. Vyenye mota, kama friji, pampu na kiyoyozi cha kawaida, huvuta mara kadhaa zaidi katika nusu sekunde ya kwanza, kisha hutulia. Friji ya nyumbani inayotumia wati 150 ikiwa imetulia inaweza kuhitaji 900 kuanza. Pampu ya nusu hospawa inayotumia kama wati 600 inaweza kuhitaji 1,800. Namba kamili hutegemea kifaa, lakini mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Tufanye hesabu ya jenereta yetu. Taa nane za LED za wati 9 ni wati 72. Feni mbili za wati 60 ni 120. Televisheni ni 60. Jumla ni 252. Ongeza friji: ikiwa imetulia, jumla ni 402, na wakati friji inaanza ni 252 na 900, yaani 1,152. Jenereta ya 2,500 inabeba mzigo huo bila kuhisi. Sasa ongeza pampu. Vyote vikiwa vimetulia, jumla inakuwa 1,002, ambayo ni ndogo, lakini pampu inapoanza huku friji ikizunguka tunafika 402 na 1,800, yaani 2,202. Bado inawezekana. Hatari ipo pale friji na pampu zinapoanza kwa sekunde moja: 252, 900 na 1,800 ni 2,952, ambayo inazidi hata nguvu ya juu ya 2,800. Ndiyo maana ushauri wa kuandika ni huu: washa pampu kwanza, subiri itulie, ndipo uchomeke friji. Na kwa kuwa friji hujiwasha yenyewe wakati wowote, ni salama zaidi kuichomoa mtu anapotaka kupandisha maji kwenye tangi.

Birika la wati 2,200 linawaka, lakini peke yake na taa tu. Pamoja na friji linaifikisha mashine mpakani, na friji ikijaribu kuanza breka itaruka. Draya ya mkono ya wati 2,000 ya saluni ni hivyohivyo. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kisicho cha inveta hutumia chini ya wati 1,000 kikiwa kimetulia, ila mwanzo wake unaweza kuzidi uwezo wa mashine hii. Kama hukukijaribu, andika "hakijajaribiwa". Neno hilo linaaminisha mengine yote uliyoandika.

Utajuaje kwamba mzigo umezidi wakati unajaribu? Injini hulalama kwa mlio mzito, taa hufifia kwa zaidi ya kupepesa, na mota ya friji huguruma bila kuzunguka. Ukisikia mgurumo huo chomoa friji mara moja, kwa sababu mota iliyokwama huvuta umeme mwingi na waya zake huungua. Subiri dakika tano ndipo ujaribu tena, ili gesi ndani ya kompresa itulie.

Kama ni inveta ya betri

Kwanza eleza ni inveta ipi, maana neno hilo hutumika kwa jenereta ya kasha na pia kwa kifaa cha ukutani kinachotumia betri. Kwa kifaa cha betri nguvu huandikwa kwa VA, na wati halisi huwa pungufu: VA 1,500 mara nyingi ni wati 1,200 hivi, kwa hiyo soma kibandiko na uandike wati. Sema pia kama wimbi la umeme wake ni laini au la ngazi. Feni na friji zinazoendeshwa na wimbi la ngazi hutoa mvumo na hupata joto, na mnunuzi wa friji anastahili kujua hilo kabla.

Mahali pa mafuta, andika betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo zinabaki 1,200, na inveta yenyewe hupoteza kama asilimia 15, zinabaki karibu 1,000. Televisheni, taa nane, feni moja na kisambaza intaneti, jumla wati 200 hivi, vitadumu saa tano kwa betri mpya. Betri yako ikiwa na umri wa miaka mitatu, usiandike saa tano. Ijaze usiku kucha, washa mzigo huohuo, na uandike muda uliopita mpaka inveta ilipolia kengele ya betri ndogo. Hapo unajua saa za kweli, hata kama ni tatu. Taja pia inachukua muda gani kujaa: chaji ya ampea 15 huhitaji saa saba hadi nane kurudisha nusu ya betri hiyo, na mahali ambapo umeme hukatika mara mbili kwa siku huenda isiwahi kujaa.

Kuandika maelezo yenyewe

Ukishapata takwimu zako, maandishi hayahitaji urembo. Ya jenereta yetu yanaweza kusomeka hivi:

"Jenereta ya petroli, fremu wazi, fezi moja, volti 230, hezi 50. Nguvu ya kudumu kilowati 2.5, ya juu 2.8. Namba 3500 iliyo ubavuni ni ya modeli tu. Injini ya cc 208, oili lita 0.6, inawashwa kwa kamba. Tangi lita 15. Kwa mzigo wa wati 1,000 inatumia lita 1.1 kwa saa, tangi linadumu kama saa 13. Kwa wati 300 inatumia lita 0.8, tangi linadumu kama saa 18. Injini imefanya kazi takriban saa 600 kwa hesabu ya kubadilisha oili, haina mita. Haitoi moshi wa bluu. Kelele ni desibeli 72 kwa mita 7, imepimwa kwa simu, uwanja wazi, ikiwa na mzigo. Inaendesha pamoja friji moja ya nyumbani, televisheni, feni mbili na taa nane. Pampu ya nusu hospawa inaongezeka iwapo itawashwa kabla ya friji. Birika la wati 2,200 au draya ya wati 2,000 iwashwe peke yake pamoja na taa. Kiyoyozi hakijajaribiwa. Kasoro: soketi moja kati ya mbili imelegea, mpira mmoja wa mguu umekatika. Iwekwe nje ya nyumba, na kuunganisha kwenye waya za nyumba kufanywe na fundi kwa swichi ya chenjiova."

Ambatanisha picha ya kibandiko inayosomeka, ya breka, ya kijiti cha oili, na video fupi isiyokatwa inayoonyesha multimita kwenye soketi wakati hita inachomekwa. Siku mnunuzi anapokuja, usiiwashe mashine kabla hajafika. Mwache aguse ekzosi na ahakikishe ni baridi, kisha avute kamba mwenyewe, kwa sababu injini iliyokwishapata moto huwaka kwa mvuto mmoja hata ikiwa imechoka, na mnunuzi anayeikuta ya moto ana haki ya kuuliza kwa nini ilipashwa.